Sura ya Sita: Kupima Kipima Nuru

Katika maabara za ukaguzi wa dawa, hatima ya shehena nzima ya vidonge vya parasetamoli aghalabu huamuliwa na tarakimu chache zinazotokea katika uso wa spektrofotometa, nazo, ikiwa vidonge ni vizuri na kila jambo limetendwa kwa taratibu yake, hukaribia sana 0.536. Njia ya kufikia hapo imeandikwa katika Farmakopia ya Uingereza, wala si ngumu: vidonge 20 hupimwa uzito na kusagwa, unga wenye gramu 0.15 ya dawa hutikiswa kwa dakika 15 pamoja na mililita 50 za hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M na mililita 100 za maji, kisha huongezwa maji hata zitimie mililita 200; na baada ya kuchujwa, mililita 10 za kioevu hicho hufikishwa mililita 100 kwa maji, na mililita 10 za hicho cha pili, zikitiwa mililita 10 za hidroksidi ile ile, nazo hufikishwa 100. Kilichobaki mwishoni ni kioevu kisicho na rangi, chenye mikrogramu 7.5 tu za dawa katika kila mililita, nacho hutiwa katika kuveti ya sentimita moja na kupimwa kwa nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 257. Kwa kuwa imekubaliwa kwamba parasetamoli ya asilimia moja, katika sentimita moja, ina ufyonzaji wa 715 kwa wimbi hilo, hesabu yenyewe ni kuzidisha 715 kwa 0.00075. Sheria yataka kidonge kiwe na dawa isiyopungua asilimia 95 wala kuzidi 105 ya ile iliyoandikwa kwenye paketi, yaani tarakimu isishuke chini ya 0.509 wala isipande juu ya 0.563.

Mpimaji makini atajitahidi kwa mizani yake na pipeti zake, na ni haki. Lakini hata akiwa hana dosari yoyote mkononi, hesabu yake imesimama juu ya mambo manne asiyoyaona kwa macho: kwamba nuru iliyopita katika kuveti ni ya 257 kweli, si ya 254 wala 260. Kwamba mawimbi jirani yaliyoandamana nayo si mengi mno. Kwamba hakuna nuru nyingine iliyofika kwa kipokezi ambayo haikualikwa. Na kwamba kuveti iliyobeba dawa na kuveti iliyobeba maji matupu ni sawasawa. Chombo chenyewe hakiwezi kumwambia lolote kati ya hayo manne. Kikiwa na dosari hutoa tarakimu zile zile tatu, kwa uthabiti ule ule, na hurudia kosa lake mara kumi bila kutofautiana hata kidogo, jambo ambalo huwahadaa wengi kwa kuwa hudhani kwamba kinachorudiwa ndicho kilicho sahihi.

Tuanze na wimbi, kwa sababu ambayo itabainika mbele. Ndani ya chombo, nuru ya taa huangukia bamba lililochorwa mistari myembamba mno, ambalo huitawanya nuru hiyo kama upinde wa mvua. Na bamba likizungushwa kidogo, wimbi jingine huletwa mbele ya mwanya na kupita. Urefu wa wimbi unaoandikwa na chombo, kwa hiyo, si kitu kilichopimwa, bali ni makadirio ya pembe ya bamba, na pembe hiyo hutegemea mota, skrubu na meno ya gia ambayo huchakaa, hulegea, na kuhama chombo kinaposafirishwa kutoka chumba hadi chumba. Shahidi anayeitwa kutoa ushahidi ni oksidi ya holmiamu, iliyoyeyushwa katika asidi ya pekloriki kwa kadiri ya asilimia 4 ya oksidi katika asilimia 10 ya asidi na, kwa kawaida, kufungwa milele ndani ya kuveti ya kwatsi. Holmiamu ina vilele vyembamba vya ufyonzaji visivyobadilika mahali pake, kati yake vile vya 241.1, 287.2, 361.3 na 536.5. Chombo huamrishwa kutembea polepole juu ya kila kilele, kwa hatua ya sehemu moja ya kumi ya nanomita, na mahali kinapokiona hulinganishwa na mahali kilipo kweli. Katika nuru isiyoonekana, tafauti ikizidi nanomita moja, kipimo huhesabiwa kuwa kimeshindwa.

Watu wengi huridhika na ukaguzi ambao chombo hujifanyia chenyewe kila kinapowashwa, kwa kutafuta mistari miwili ya taa yake ya deuteri, mmoja ukiwa kwenye 486.0 na mwingine kwenye 656.1. Ukaguzi huo ni mzuri kwa kadiri yake. Walakini mistari yote miwili imo katika nuru inayoonekana, mbali sana na 257 yetu, na skrubu iliyochakaa upande mmoja yaweza kuwa nzima upande mwingine. Vilele vya holmiamu vya 241.1 na 287.2 ndivyo vinavyoizunguka 257 pande zote mbili, na vikiwa vyote viwili mahali pake ndipo mtu anapokuwa na sababu ya kuamini kilicho kati yao. Tena namna ya kupotoka ina habari yake: vilele vyote vikihama kwa kadiri moja, basi ni mwanzo wa hesabu uliosogea, nao hurekebishwa kwa amri moja, ama kila kimoja kikihama kwa kadiri yake, huyo ni fundi wa mitambo anayeitwa.

Huenda msomaji akauliza kama nanomita moja au mbili zina madhara gani, na jibu la haki ni kwamba kwa parasetamoli si makubwa, kwa sababu 257 ni kilele chake, na juu ya kilele mstari huwa bapa, hata ukisogea kidogo kulia au kushoto hushuki sana. Wenye kuweka vipimo walichagua vilele kwa sababu hiyo hasa. Lakini mpimaji anayelazimika kupima ubavuni mwa mstari, ambako ufyonzaji hupanda au kushuka ghafula, hana huruma hiyo, na nanomita moja yaweza kumla asilimia kadhaa bila ya yeye kujua.

Upana wa ukanda tutaupitia kwa haraka, si kwa kuwa haufai, ila kwa kuwa katika kisa chetu hauna taksiri kubwa. Mwanya ule hauruhusu wimbi moja pekee, bali kundi dogo la mawimbi jirani. Na ikiwa kundi hilo ni pana kuliko kilele kinachopimwa, kilele hukatwa ncha yake na bonde hufukiwa. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukanda wa nuru usizidi sehemu moja ya kumi ya upana wa kilele katika nusu ya kimo chake, na kwa kuwa kilele cha parasetamoli ni kipana, chombo cha nanomita 2 kinatosha. Kipimo chake ni tolueni, mililita 0.2 katika lita moja ya heksani, heksani tupu ikiwa ndiyo kilinganishi: ufyonzaji wa kilele kilichopo 269 hugawanywa kwa ule wa bonde lililopo 266, na kadiri ukanda unavyopungua ndivyo uwiano unavyopanda, ukiwa kama 2 kwa ukanda wa nanomita moja na kama 1.4 kwa ukanda wa nanomita mbili. Tahadhari ni moja tu, nayo ni kwamba chombo kikikimbizwa kasi kupita vilele hivyo, nacho huvikata ncha vile vile, hata mtu akailaumu mianya ilhali kosa ni haraka yake.

Sasa tufike kwenye nuru potevu, ambayo ndiyo yenye hila kuliko zote. Bamba la mistari si kamili. Vumbi hutua juu ya vioo, kingo hurudisha miale isikotarajiwa, na hivyo sehemu ndogo ya nuru ya mawimbi mengine, ambayo haikuitwa, huingia na kufika kwa kipokezi kama mdowezi aliyeingia karamuni nyuma ya wageni. Kipokezi hakina njia ya kumtambua, huhesabu tu. Madhara yake hutegemea wageni halisi ni wangapi. Ufyonzaji wa 1 maana yake ni kwamba sehemu moja ya kumi ya nuru imepita. Wa 2, sehemu moja ya mia. Wa 3, moja ya elfu. Tuseme nuru potevu ni asilimia moja ya nuru yote. Kioevu chenye ufyonzaji wa kweli wa 2 hupitisha asilimia moja ya nuru, na ile potevu, ambayo kioevu hakiizuii, ni asilimia moja nyingine. Basi nusu ya kinachofika kwa kipokezi ni udanganyifu, na chombo kitaandika 1.70. Kioevu cha kweli cha 3 kitaandikwa 1.96, na hata ukitia dawa nzito kiasi gani, tarakimu haitapanda sana kupita 2, kwa kuwa nuru potevu peke yake yatosha kuizuia isipande. Kwa kioevu chetu cha 0.536, kinachopitisha nuru kama asilimia 29, chombo hicho hicho kitaandika 0.526, yaani pungufu ya takriban asilimia 2 katika dawa ambayo haikupungua chochote. Na ikiwa nuru potevu ni sehemu moja ya elfu, kama inavyopasa kuwa katika chombo kizuri, kitaandika 0.535, na hakuna wa kulalamika.

Kipimo cha kawaida ni kloridi ya potasiamu, gramu 1.2 iliyokaushwa vizuri na kuyeyushwa hata mililita 100 za maji safi, ikitiwa katika kuveti ya kwatsi na kupimwa kwa wimbi la 198, maji yakiwa kilinganishi. Chumvi hiyo huzuia karibu nuru yote ya wimbi hilo, ilhali huyaachia mawimbi marefu yapite kama maji. Kwa hiyo kila kinachofika kwa kipokezi hakina udhuru, ni nuru potevu, na ufyonzaji hautakiwi kuwa chini ya 2.0. Hapa ndipo inapobainika kwa nini tulianza na wimbi. Ukuta wa ufyonzaji wa chumvi hii ni mwinuko mkali mno, na kati ya 220 na 200 hupanda kutoka karibu na chini hadi juu kabisa. Basi chombo kilichopotoka kwa nanomita mbili tu, kikasema 198 ilhali kipo 200, kitaonyesha upungufu ambao si wa nuru potevu kabisa, na mtu atabadilisha taa ya thamani kubwa bure. Ndiyo maana holmiamu hutangulizwa na chumvi hufuata.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba hukumu iliyotolewa kwenye 198 haitoshi kwa kila wimbi. Kwa taa ya deuteri, upande wa mawimbi mafupi ndipo nuru halali ilipo haba na ile potevu kuonekana kubwa kwa kulinganishwa nayo, na kadiri taa inavyozeeka uhaba huo huzidi. Lakini chombo chaweza pia kuwa na tundu lake la siri kwingineko. Kwa sababu hiyo hutumika vile vile iodidi ya sodiamu, gramu 10 kwa lita, kwenye 220, na nitriti ya sodiamu, gramu 50 kwa lita, kwenye 340, ambako taa moja mara nyingi humpokeza mwenziwe kazi. Katika maabara za miji ya pwani, kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ambako hewa huja na unyevu na chumvi, vioo vya alumini vilivyomo ndani huweza kufifia mapema kuliko vilivyo bara, na mhandisi aliyezoea vyombo vya nchi kavu hupata tabu kuliamini hilo. Njia ya kupambanua ni kuweka taa mpya na kurudia kloridi ya potasiamu: tarakimu ikipanda, taa ndiyo iliyokuwa mgonjwa, isipopanda, ni vioo. Na kabla ya hayo yote, mpimaji afunike chumba cha kuveti kwa kitambaa cheusi na kutazama kama tarakimu itabadilika, kwani kifuniko kilicholegea huingiza nuru ya dirishani, na hilo ni kosa la bei rahisi kuliko yote.

Mwenye macho makali hutambua nuru potevu hata kabla ya kipimo. Akipima mlolongo wa vioevu vilivyoongezwa nguvu hatua kwa hatua, mstari ulionyooka chini huanza kuinama juu. Na akitembeza chombo kutoka 250 kuelekea 200, ufyonzaji ambao ungepaswa kuzidi kupanda hupanda, husita, kisha hugeuka kushuka, ukiacha kilele ambacho hakipo katika dawa yoyote duniani. Nimeona kilele cha namna hiyo kimeandikwa katika ripoti kama sifa ya kitu kilichopimwa, kikapewa hata tarakimu yake ya nanomita.

Tukija kwenye kuveti, twatoka ndani ya chombo na kuingia katika kabati, na rai yangu ni kwamba hapo ndipo penye makosa mengi kuliko mahali pote tulipopita, ijapokuwa katika daftari za maabara ndipo penye maandishi machache. Kuveti ya kioo cha kawaida haipitishi nuru iliyo chini sana ya 340, na mtu akiichanganya na ya kwatsi hutambua upesi, kwa kuwa kwenye 257 itakuwa kama ukuta. Kosa hilo hujitangaza lenyewe. Linalodhuru ni lile la kuveti mbili za kwatsi, zilizonunuliwa pamoja katika sanduku moja, ambazo moja imechakaa kuliko mwenziwe. Hidroksidi ya sodiamu, ile ile tunayotumia kwa parasetamoli, ikiachwa ndani ya kuveti usiku kucha hula uso wa kwatsi; alama ya kidole, ambayo kwa jicho ni kama hakuna, huzuia nuru hii fupi; na mkwaruzo mmoja wa pipeti hutawanya miale kando.

Basi tuweke kisa wazi. Kuna kuveti ya maji, tuiite Alifu, na kuveti ya dawa, tuiite Be. Zote zikitiwa maji safi, Be huonyesha 0.016 chini ya Alifu, kwa kuwa uso wa Alifu umeliwa. Vidonge vilivyoletwa vina dawa ya asilimia 97, navyo ni halali kabisa, na ufyonzaji wao wa kweli ni 0.520. Chombo, kilichosawazishwa kwa Alifu katika mwale wa kulinganisha bila ya kutazama hali ya Be, kitaandika 0.504, yaani asilimia 94.0, na vidonge vitahukumiwa kuwa vimepungukiwa. Mpimaji atapima uzito upya, atayeyusha upya, na atapata 0.504 tena, kwa sababu kosa halimo katika uzito wala katika kuyeyusha. Lakini akibadilisha kuveti, dawa akaitia katika Alifu na maji katika Be, chombo kitaandika 0.536, asilimia 100 kamili, na wastani wa tarakimu hizo mbili ni 0.520, kweli yenyewe.

Ndiyo sababu kuveti lazima zilinganishwe, na utaratibu wake ni huu. Zote zisafishwe, zitiwe maji yale yale, zishikwe kwa nyuso zilizopauka na si zile zinazopitisha nuru, zipanguswe kwa karatasi laini isiyo na nyuzi. Moja ichaguliwe kuwa kilinganishi, chombo kiwekwe kwenye sifuri kwa wimbi la kazi, na nyingine zisomwe moja moja. Kisha kila moja igeuzwe, uso wa mbele uwe nyuma, na kusomwa tena. Tafauti isizidi 0.005. Ikizidi, kuveti haikuharibika lazima, ila hailingani na nafsi yake, na hapo huwekwa alama juu ya ukingo ili siku zote iingie kwa upande ule ule. Mbali na kulinganishwa wao kwa wao, kwatsi ya sentimita moja yenye maji, ikipimwa dhidi ya hewa kwenye 240, haipasi kuzidi 0.093.

Walakini maji hayawezi kufichua kila kitu. Maji hayafyonzi nuru ya 257, kwa hiyo hayajui kama kuveti ina kina cha milimita 10.00 au 10.10, na kuveti mbili zinazofanana kabisa zikiwa na maji zaweza kutofautiana zikiwa na dawa. Kosa la uso huongeza au kupunguza kadiri moja, dawa ikiwa nzito au nyepesi. Kosa la kina huzidisha, likiwa asilimia moja ya chochote kinachopimwa, na kubadilishana kuveti hakulifuti. Ili lionekane hutakiwa kioevu chenye kufyonza, na hapa bahati imetufadhili: dikromati ya potasiamu, miligramu 60 kwa lita katika asidi ya sulfuri ya 0.005 M, nayo ina kilele kwenye 257 hiyo hiyo, ambapo ufyonzaji wake ni kama 0.867. Kuveti yenye kina cha milimita 10.10 itatoa 0.876, na uwiano wa kila kuveti kwa ile iliyochaguliwa ndio rekebisho lake, linaloandikwa katika daftari, na kila tarakimu ya kuveti hiyo hugawanywa kwalo.

Anayepima sampuli moja moja aweza kuyakwepa mengi ya haya kwa kutumia kuveti moja tu: aitie kilinganishi, aweke sifuri, aimwage, aisuuze mara tatu kwa dawa, na aisome ikiwa katika upande ule ule, na akipima dawa ya kulinganishia katika kuveti hiyo hiyo, hata kina chake hakina neno. Ila pale penye kibebeo cha kuveti sita, kinachosukumwa na mota kutoka sampuli hadi sampuli, hiari hiyo haipo, na zile sita shurti ziwe zimepimwa kwa maji na kwa dikromati kabla ya kazi, zikiwa na namba zao, na ile iliyozidi 0.005 iondolewe hapo, ihamishiwe kwa vipimo vya nuru inayoonekana, ambako uso ulioliwa kidogo haudhuru sana kama unavyodhuru kwenye 257.